Siku Nne za Alen

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya shule mwezi wa kumi, na mimi nililisoma mara mbili kwa sababu najua watu wa kwetu wanavyosoma matangazo. Liliandikwa kwa mkono, kwa kalamu nene ya bluu. Darasa la kwanza: mtoto awe ametimiza miaka sita ifikapo tarehe 31 Desemba 2025. Awali: awe ametimiza miaka mitano ifikapo tarehe hiyohiyo. Aje na cheti cha kuzaliwa.

Nilikuwa na watoto wawili wa kuandikisha. Dina, binti yangu, alizaliwa Septemba 2019, huyo hakuwa na tatizo. Wa pili alikuwa Alen, mtoto wa mdogo wangu Efrazia. Efrazia alifariki mwezi wa nne mwaka huo kule nyumbani kwetu Mgwashi, na baba wa mtoto yuko Handeni na simu hapokei. Mwezi wa tano nilimchukua Alen nikaja naye huku Lukozi nilikoolewa. Mwalimu wa awali alimruhusu akae na Dina darasani bila kumwandika popote. "Aje tu, asibaki nyumbani anaangalia ukuta," aliniambia.

Alen hakuwa mtoto wa maneno tangu mama yake aondoke. Lakini akiwa na Dina alicheka, alikula, alilala. Dina akienda kisimani naye yupo. Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa moja tu: Januari waingie darasa la kwanza wote wawili. Nilipowaza Dina anakwenda na madaftari yake mapya, na Alen anabaki chumba kilekile cha awali anaimba nyimbo ambazo ameshazimaliza, moyo ulikataa.

Siku ya kuandikisha nilikuta foleni imefika kwenye miti ya misindano. Mbele yangu alikuwa Rubeni, jirani yetu wa bonde la chini, mkulima wa kabichi. Alikuwa anabishana na mwalimu mkuu, Mwalimu Mbaraka, mtu mzima kutoka Tanga mjini, mpole lakini siku hiyo upole ulikuwa unamwishia.

"Mwalimu, elfu mbili ishirini na sita toa elfu mbili ishirini. Inabaki ngapi?"

"Sita, mzee Rubeni."

"Basi mwanangu ana sita. Mwandike."

"Amezaliwa mwezi gani?"

"Wa pili. Elfu mbili ishirini."

"Tarehe thelathini na moja Desemba mwaka huu atakuwa na mingapi?"

Rubeni akatazama mawingu. "Atakuwa anakaribia sita."

"Anakaribia. Hajafika. Mtu akiwa anakaribia Soni, ameshafika Soni?"

Watu walicheka. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, "Mzee Rubeni, ukitaka kuuza kabichi hesabu unaijua, ya mtoto inakushinda?"

"Nyie nyamazeni. Mwalimu, shule inafunguliwa Januari. Mwezi wa pili anatimiza. Ni wiki chache tu!"

"Na mwenye wa tatu atasema ni wiki chache. Na wa nne. Mwisho nitaandikisha mimba." Mwalimu Mbaraka alivua miwani akaipangusa. "Huwezi kutoa mwaka na mwaka ukaacha miezi. Unasimama kwenye ile tarehe ya tangazo, unamwangalia mtoto siku ile ana miaka mingapi kamili. Waliozaliwa mpaka mwisho wa elfu mbili kumi na tisa, darasa la kwanza. Waliozaliwa elfu mbili ishirini, awali. Mwanao ni awali. Mwakani mlete atakuwa mkubwa, atashika namba nzuri."

Rubeni aliondoka akinung'unika kwamba zamani mtoto alipitisha mkono juu ya kichwa, akishika sikio la upande wa pili, anaandikwa, na watu walisoma.

Nikaingia mimi. Nilimwamkia, nikaweka vyeti viwili mezani. Cha Dina akakisoma, akaandika. Cha Alen akakisoma, akanitazama juu ya miwani.

"Mama Dina, na wewe ulikuwa hapo foleni ukicheka?"

"Nilikuwepo, Mwalimu."

"Huyu amezaliwa tarehe kumi na mbili Aprili, elfu mbili ishirini."

Nilikichukua cheti kama vile kitabadilika mkononi. 12/04/2020. Nilikuwa nacho kwenye bahasha tangu nilipotoka Mgwashi na sikuwahi kukisoma. Bahasha ile ilikuwa na karatasi zote za Efrazia na sikupenda kuifungua.

"Mwalimu, hii si kweli. Huyu alizaliwa wakati wa Krismasi. Krismasi ya kumi na tisa. Mimi nilipigiwa simu."

"Inawezekana. Lakini mimi naandika kilicho kwenye cheti. Nikiandika kingine, karatasi itanikana mbele ya mkaguzi." Akafunga daftari lake nusu. "Nimwandike awali?"

"Usimwandike. Nipe muda."

"Muda upo mpaka mwisho wa mwezi wa kumi na mbili. Ukiniletea cheti kilichosahihishwa nitamweka anapostahili. Usiponiletea, Januari atakwenda awali, na tusilaumiane."

Nilimpigia simu Mama jioni ile. Mama yangu, Sesilia, ndiye aliyemzalisha Efrazia nyumbani, kwa sababu uchungu ulimshika mvua inanyesha na njia ya zahanati ilikuwa utelezi.

"Mama, Alen alizaliwa lini?"

"Si Krismasi?"

"Siku yenyewe ya Krismasi?"

"Hapana, wewe. Siku ya Krismasi tulikwenda kanisani wote, na yeye tumbo lake mbele. Ilikuwa baadaye. Au Mwaka Mpya. Tulikuwa bado tunakula nyama ya sikukuu."

"Mama, kati ya Krismasi na Mwaka Mpya kuna tarehe thelathini na moja! Akizaliwa kabla haijapita ni darasa la kwanza, akizaliwa Mwaka Mpya ni awali!"

"Kwa siku moja?"

"Kwa siku moja."

Alicheka mpaka akakohoa. "Hiyo shule au mnada? Mwambie mwalimu sikio analigusa. Nilimjaribu mwenyewe wakati wa msiba."

Nilikata simu nikakaa kwenye kigoda cha jikoni. Nilikuwa na hasira na Mama, na Mwalimu Mbaraka, na Rubeni hata, ambaye hakunikosea chochote. Baadaye nikakumbuka ile Aprili ilikotoka, na hasira ikapata mtu wa kumkalia.

Ni mimi.

Mwaka 2022 waandikishaji wa vyeti vya watoto walikuja ofisi ya kata kule Mgwashi. Nilikuwa nimekwenda kumsalimia Mama. Efrazia alikuwa na homa, akaniomba nimpeleke Alen. Kadi yake ya kliniki ilikuwa imeloa paa lilipovuja, imebaki kama uji. Nikachukua kadi ya ubatizo. Kwetu Walutheri kadi hiyo inatunzwa kuliko hati ya shamba, imefungwa nailoni ndani ya Biblia. Mwinjilisti alikuwa ameandika vizuri tarehe ya kubatizwa, Pasaka ya 2020. Mahali pa tarehe ya kuzaliwa palikuwa na mstari mtupu, kwa sababu kwa mwinjilisti wetu mtoto anaanza kuhesabika pale kwenye maji. Mwandikishaji aliniuliza, "Tarehe?" Nami nikasoma tarehe niliyoiona. Nilisoma kwa sauti, tena kwa kujiamini, mimi niliyemaliza kidato cha nne. Efrazia alipokiona cheti alisema tu, "Dada, umempunguzia mwanangu umri, atachelewa kuzeeka," tukacheka, tukakiweka. Tuliona ni miezi mitatu na siku kidogo, itamdhuru nani?

Wiki iliyofuata nilikwenda Mgwashi. Kwenye zahanati aliyokuwa akienda Efrazia nilimkuta Nesi Mwanamisi, ambaye alikuwepo hata miaka ile. Nilimweleza. Hakusema "njoo kesho". Alinitazama, akasema, "Wewe ni dada yake Efrazia. Mnafanana kwenye paji." Kisha akaingia stoo akatoka na vitabu vitatu vyenye vumbi.

"Kuzaliwa hatuna, alijifungulia nyumbani. Lakini lazima alikuja kwa chanjo ya kwanza. Hiyo tunaandika."

Tulipitisha kidole kwenye Desemba yote. Hakuna. Tukafungua Januari 2020. Alhamisi, tarehe mbili Januari, mstari wa nne: Alen, mama Efrazia, chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio.

"Huyu hapa," alisema Nesi Mwanamisi.

Nikafurahi, halafu furaha ikaganda. "Nesi, hii ni tarehe mbili. Mwalimu atasema labda kazaliwa tarehe moja. Au hiyo hiyo mbili."

"Subiri na wewe, una haraka kama bodaboda." Akasogeza kidole kulia, kwenye safu ndogo niliyokuwa sijaiona. "Umri. Siku sita."

"Siku sita."

"Hebu tuhesabu kurudi nyuma. Moja, tarehe moja. Mbili, thelathini na moja. Tatu, thelathini. Nne, ishirini na tisa. Tano, ishirini na nane. Sita, ishirini na saba. Tarehe ishirini na saba Desemba. Ilikuwa Ijumaa."

"Na kama aliyeandika aliihesabu siku ya kuzaliwa kuwa ya kwanza?"

"Basi ni ishirini na nane. Hata umhesabu kwa vidole vya miguu, hawezi kuvuka mwaka." Akachukua karatasi yenye kichwa cha zahanati. "Na aliyeandika ni mimi. Nauliza mama, 'Mtoto ana siku ngapi?' Efrazia akasema sita. Mama wa mtoto mchanga hakosei siku sita. Usingizi wenyewe haupati, anahesabu kila usiku."

Aliandika barua, akagonga mhuri. Niliikunja nikaitia kifuani. Nyumbani Mama aliposikia Ijumaa akapiga paja. "Ijumaa! Ndiyo! Nilikuwa nataka kwenda gulioni!" Wiki nzima nilimwuliza, na gulio alikuwa nalo muda wote.

Nilidhani kazi imekwisha. Kumbe ilikuwa inaanza.

Kwenye ofisi ya usajili Lushoto mjini nilikutana na afisa kijana, Omari, mwenye shati safi na meza iliyojaa mafaili. Alisoma barua ya zahanati. Alisema ushahidi ni mzuri. Kisha akasema inatakiwa barua ya mtendaji wa kata alikoandikishwa mtoto, na kiapo mbele ya wakili au hakimu kwamba tarehe ya kwanza ilikosewa.

"Barua ya kata ya Mgwashi?"

"Ndiyo, mama."

"Nimetoka Mgwashi juzi."

"Pole sana, mama."

Nilirudi Mgwashi. Mtendaji alikuwa kwenye kikao Bumbuli, nikalala, asubuhi nikapata barua. Nilikwenda kuapa. Katika kiapo niliandika kwamba mimi, Scholastica, ndiye niliyetaja tarehe ya ubatizo badala ya tarehe ya kuzaliwa. Karani akaniuliza kama nataka kuandika "kwa bahati mbaya". Nikamwambia andika.

Nikamrudia Omari mwezi wa kumi na moja ukiwa katikati. Akapanga karatasi, moja, mbili, tatu, akainua kichwa.

"Wewe ni mama mzazi?"

"Mama mkubwa. Niliandika kwenye kiapo."

"Maombi haya anatakiwa afanye mzazi. Mama yake yuko wapi?"

"Amefariki. Baba yake hapatikani."

Aliweka kalamu chini. Alikuwa kijana mwenye adabu. "Pole, mama. Basi tutahitaji nakala ya cheti cha kifo, ili ionekane kwa nini wewe."

"Kwa nini hukuniambia mara ya kwanza?"

"Hukusema, mama. Na mimi sikuuliza. Nisamehe."

Ningemgombeza. Maneno nilikuwa nayo, nilishayapanga tangu nilipotoka nyumbani alfajiri na matope mpaka magotini. Lakini cheti cha kifo nilikuwa nacho. Kilikuwa kwenye bahasha ileile, ndani ya mkoba, chini ya kitenge. Nilikuwa nakibeba safari zote hizi bila kukigusa. Nilikitoa pale mezani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukisoma. Jina lake lote, kijiji, siku, mwezi, mwaka. Hakuna kosa hata moja. Tarehe ya kufa ilikuwa imeandikwa sawasawa mara ya kwanza, na hakuna aliyetaka kiapo.

Omari alikitoa nakala, akanirudishia akiwa amekishika kwa mikono miwili.

"Wiki tatu," alisema. "Nitakupigia mwenyewe."

Zilikuwa wiki sita. Nilimpigia mimi kila Jumatatu mpaka akaanza kupokea kwa kusema, "Mama Alen, bado." Sikumsahihisha. Tarehe ishirini na tisa Desemba nilikishika cheti kipya mkononi: 27/12/2019. Tarehe thelathini nilikuwa mlangoni kwa Mwalimu Mbaraka, nyumbani kwake, kwa sababu ofisi ilifungwa na sikuwa tayari kusikia neno "kesho" kutoka kwa mtu yeyote tena.

Alitoka na kanzu na kikombe cha chai. Alikisoma cheti pale barazani, akahesabu kwa midomo.

"Ishirini na saba. Mpaka thelathini na moja ni siku nne." Akacheka. "Mama Dina, umemvusha kwa siku nne. Atakuwa mdogo kuliko wote darasani, unajua hilo? Wapo wa Januari ya kumi na tisa, wanamzidi mwaka mzima kasoro siku chache. Mimi sina kipingamizi, stahili yake ni hii. Lakini mwaka wa kwanza usimlinganishe na wenzake. Hata na Dina."

"Nimesikia, Mwalimu."

"Umesikia au umechoka?"

"Vyote."

Alinikaribisha chai. Aliingia ndani, akatoka na daftari, akaandika jina la Alen mbele yangu ili nione.

Shule ilipofunguliwa Januari niliwapeleka mwenyewe, kila mmoja na sweta, baridi ilikuwa kali na ukungu umeshuka mpaka uwanjani. Watoto wa darasa la kwanza walikuwa wengi kuliko madawati. Mwalimu wa kike, mgeni kwangu, alisimama na orodha akawaambia watajipanga mistari miwili. Mkondo A na mkondo B. Alisoma majina moja kwenda kulia, moja kwenda kushoto, kama anayegawa viazi.

"Dina. A." Dina akaenda.

Majina yakaendelea. Alen alikuwa mwishoni, aliandikwa wa mwisho.

"Alen. B."

Nilisikia vizuri lakini nikasema, "Samahani, Mwalimu, nani?"

"Alen, B. Mama, tafadhali tusimame nyuma."

Miezi mitatu. Mgwashi mara mbili, Lushoto mara tatu, kiapo, na bahasha ile. Nilimtafuta Mwalimu Mbaraka kwa macho, nikamwona kwenye ngazi za ofisi, na yeye alikuwa ameniona. Alikuja taratibu.

"Usiniambie kitu," alisema. "Najua. Lakini mkondo hauna tarehe, Mama Dina, hauna cheti. Ni watoto mia na kumi na vyumba viwili tu. Ukitaka nimhamishe, nitamhamisha mchana, watoto wakishatulia."

Nilikuwa nafungua mdomo kusema ndiyo. Pale uwanjani kilio kikaanza. Nikageuka haraka nikijua ni Alen.

Alikuwa Dina. Alikuwa ameshika sweta lake kwa mikono miwili na analia kwa sauti, mstari mzima wa A unamtazama. Alen alitoka kwenye mstari wake bila ruhusa, akavuka uwanja, akasimama mbele yake. Alikuwa mfupi kuliko wote, kweli, mkono wa sweta ukimfunika vidole.

"Usilie," alimwambia. "Darasa la kwanza ni lile lile. Mimi niko hapo dirishani."

Akarudi kwenye mstari wake, na mstari ukaingia ndani naye akiwa nyuma.

"Nimhamishe?" Mwalimu Mbaraka aliniuliza.

Nilimwambia ngoja kwanza. Nikaenda kumfuta Dina makamasi.